Ombi la kuacha utumishi jeshini si notisi ya siku 28

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu hapa Mbeya imepokea askari, na mara nyingi zaidi wazazi na wenza wa askari, wanaouliza jambo moja kwa maneno yanayofanana: fulani alitoa notisi, siku zake zikaisha, akaondoka, na sasa anatafutwa kama mtoro; je, hii ni haki? Wengine huja tayari wamejaza Fomu Na. 1 ya kufungua mgogoro wa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wanataka tuipitie kabla haijawasilishwa. Kabla ya kuhamia kwenye ofisi hii nilishughulikia mafaili ya utumishi ndani ya jeshi kwa miaka kadhaa, na ninayoyaeleza hapa ni utaratibu wa jumla, wala si maoni juu ya shauri lolote lililo mbele ya mamlaka kwa sasa.

Chanzo cha mkanganyiko kinajulikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 41, inaweka muda wa chini wa notisi: siku 7 ikiwa notisi imetolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Notisi hiyo huandikwa, hueleza sababu na tarehe iliyotolewa, na muda ukishatimia ajira imekwisha, mwajiri apende asipende. Karani wa duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa akiandika barua yake leo hamwombi bosi wake ruhusa, bali anampa taarifa.

Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu chake cha 2, inasema wazi kwamba haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Ni vifungu vitatu tu vinavyowafikia, yaani cha 5, cha 6 na cha 7, vinavyohusu ajira ya watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi. Kifungu cha 41 hakimo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumeshalieleza mara nyingi, na bado tunaletewa barua zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye mifano ya notisi za makampuni, zikiwa na cheo cha konstebo chini ya sahihi.

Wapo wanaojibu kwamba kumzuia mtu asiache kazi ni kumtumikisha. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, na jibu limo ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, kisha katika ibara ndogo ya (3) inataja kazi zisizohesabiwa kuwa za shuruti, mojawapo ikiwa ni kazi ambayo askari wa jeshi lolote hana budi kuifanya katika kutekeleza majukumu yake. Hii haina maana kwamba askari amefungwa maisha. Maana yake ni kwamba mlango wa kutokea upo, ila ufunguo wake unashikwa na mamlaka, na askari anaomba ufunguliwe.

Nichukue mfano mmoja, ambao nimeuunganisha kutoka mashauri kadhaa na kubadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Konstebo mwenye miaka 7 na miezi 4 kazini, katika kituo kimoja cha wilaya mkoani Mbeya, alipata kazi kwa wakala wa forodha kule Tunduma. Tarehe 3 Machi aliandika barua kwa mkuu wa kituo akisema kwamba anatoa notisi ya siku 28 na kwamba siku yake ya mwisho ni tarehe 31 Machi. Barua ilipokelewa, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akachukulia kwamba ukimya ni ridhaa. Usiku wa tarehe 31 alirudisha bunduki aliyokuwa nayo lindoni, akasaini kitabu cha silaha kama kawaida, akafunga virago. Sare aliiacha imekunjwa juu ya kitanda cha kota, na kitambulisho chake cha kazi alisafiri nacho mfukoni.

Asubuhi ya tarehe 1 Aprili jina lake lilisomwa kwenye gwaride na hakuitika. Liliandikwa kwenye kitabu cha matukio kuwa hayupo bila ruhusa, na kuanzia hapo mambo yalijiendesha yenyewe. Alipigiwa simu, mkuu wa kituo akataarifu wilaya, wilaya ikataarifu mkoa, na hatua za kinidhamu zikaanza dhidi ya mtu ambaye yeye mwenyewe aliamini ameshakuwa raia. Mshahara wa Aprili uliingia kwenye akaunti yake, akautumia, akidhani ni malipo ya siku za likizo ambazo hakuzichukua. Alipofika ofisini kwetu mwezi Juni neno lake la kwanza lilikuwa, “Afande, mimi notisi nilitoa.” Nilimwambia jambo ambalo halikumfurahisha: “Kijana wangu, hukutoa notisi. Ulipeleka ombi ambalo halikujibiwa, ukaondoka kabla ya jibu.”

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Notisi ya kawaida huzaa matokeo kwa kupita kwa siku. Ombi la askari huzaa matokeo kwa kibali cha maandishi tu, na mpaka kibali kitoke na tarehe iliyotajwa ndani yake ifike, mwombaji ni askari kamili: anapangiwa zamu, anaweza kuhamishwa, anaweza kuitwa kutoka likizo, na anashtakiwa kwa sheria za jeshi akikosa. Ukimya wa mamlaka, hata ukiwa wa miezi, hauhesabiwi kuwa kibali. Kukaa likizo ya mwaka na kutorudi nako ni utoro uleule.

Ombi lililoandaliwa vizuri huanza na kichwa kinachosema kinachoombwa, yaani ombi la kibali cha kuacha utumishi. Hueleza namba ya askari, cheo, tarehe ya kujiunga na kituo cha sasa, kisha sababu kwa ukamilifu, pamoja na vielelezo. Anayemuuguza mzazi aambatanishe taarifa ya hospitali na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Anayetaka kugombea ubunge au udiwani aseme hivyo mapema, kwa maana Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa, na kwa hiyo hawezi kuchukua kadi ya chama leo akitumaini kibali kitamkuta njiani. Barua hupitia kwa mkuu wa kituo, mkuu wa polisi wa wilaya na kamanda wa mkoa hadi makao makuu, na kila ngazi huweka maoni yake. Hili la kupitia ngazi huwakera wengi, na nimeona waliotuma barua moja kwa moja Dodoma kwa basi la usiku; barua hizo hurudishwa mkoani kutafutiwa maoni, na mwombaji amepoteza wiki kadhaa bure. Baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi na tarehe.

Mambo yanayokwamisha ombi kwa kawaida ni machache: shtaka la nidhamu au uchunguzi ambao haujafungwa, masomo yaliyogharamiwa na Serikali kwa mkataba wa kutumikia muda fulani, deni kwa mwajiri, na kwa wapelelezi, majalada na vielelezo ambavyo havijakabidhiwa. Mpelelezi mwenye majalada kumi na mawili mkononi na bangi ya ushahidi stoo hawezi kuondoka kwa sababu tu amepata kazi nzuri zaidi, kwani kesi za wananchi zitaanguka mahakamani. Akabidhi jalada kwa jalada, kwa maandishi, na orodha hiyo aiambatanishe na ombi lake. Kwa uzoefu wangu ukurasa huo mmoja husaidia kuliko kurasa tatu za kujieleza.

Kwa Jeshi la Wananchi, linaloongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ngazi ni za kikosi na makao makuu yake, na ofisa anashikilia kamisheni iliyotolewa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, kwa hiyo hawezi kuirudisha kwa barua ya kuaga. Askari wa kawaida atazame kwanza muda alioandikishwa. Anayesubiri muda huo uishe na kuomba asiongezewe yuko katika nafasi tofauti kabisa na anayetaka kuuvunja katikati.

Nirudi kwa yule konstebo. Alidaiwa mshahara wa Aprili. Kitambulisho alichobaki nacho kilikuwa mali ya Serikali iliyo mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo. Hatimaye alifukuzwa kazi, jambo linaloandikwa kwenye kumbukumbu zake kwa namna isiyofanana hata kidogo na kuacha kwa kibali, na mwajiri wa Serikali atakayeuliza siku zijazo ataliona. Kuhusu mafao, alikuwa na michango ya miezi 88 katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wakati pensheni inahitaji isiyopungua 180. Hata angeondoka kwa kibali asingeistahili pensheni hiyo kwa sasa, na fao la kukosa ajira halimhusu anayeacha kazi kwa hiari yake. Haya angeyajua kabla ya kufunga virago kama angeuliza.

Ndugu na waajiri wapya nao wajihadhari. Kanuni ya Adhabu inalifanya kuwa kosa la jinai kumshawishi askari atoroke, kumsaidia kutoroka, au kumficha huku ukijua ametoroka. Yule wakala wa Tunduma alipaswa kudai barua ya kibali kabla ya kumpangia kazi, kama anavyodai cheti cha shule.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, rekebisha kilichotajwa, kisha omba upya au kata rufaa kwenye ngazi inayofuata huku ukiendelea kuripoti kazini. Usipeleke Fomu Na. 1 kwenye Tume ya Usuluhishi, kwa maana Tume haina mamlaka juu yako, na siku utakazopoteza huko hutarudishiwa. Aliyemaliza ngazi za ndani na anaamini uamuzi umetolewa kinyume cha sheria anaweza kuiomba Mahakama Kuu iupitie, lakini kibali cha kufungua maombi hayo lazima kiombwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Mahakama nayo itaangalia kama mamlaka ilifuata sheria na kumsikiliza mwombaji. Haitaamua kwa niaba ya jeshi kama askari huyo anahitajika kituoni au la. Njoo na barua yenye mhuri, jibu ulilopewa, na orodha ya makabidhiano.