Kiwanda kilichookoa milioni mbili huku faida ikiyeyuka

Tuchukue kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro. Tarakimu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike, ila kisa chenyewe ni cha kila siku kwa sisi tunaofundisha hesabu za gharama. Kiwanda kilipanga kuuza mikate 20,000 mwezi Juni. Shule zikafungwa, mabweni yaliyokuwa yakichukua mikate kila alfajiri yakasimamisha oda, na mauzo yakaishia mikate 16,000.

Mwisho wa mwezi mhasibu akaleta taarifa. Bajeti ya gharama zote ilikuwa shilingi 21,200,000, na zilizotumika ni 19,070,000. Kwenye safu ya mwisho akaandika: "Tumeokoa 2,130,000." Msimamizi wa uokaji akapongezwa kikaoni. Faida, iliyotarajiwa kuwa 2,800,000, ilikuwa 130,000, na lawama zote zikaenda kwa watu wa mauzo.

Hakuna aliyedanganya na kujumlisha kulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba waliweka gharama za kuoka mikate 16,000 kando ya bajeti ya kuoka mikate 20,000, kisha wakaita tofauti iliyopatikana akiba. Mkate ambao haukuokwa haukula unga. Usipokwenda safari Dodoma, nauli uliyobaki nayo mfukoni haithibitishi kwamba wewe ni hodari wa kubana matumizi.

Nadhani tabia hii imetoka serikalini. Huko Bunge hupitisha fungu, na afisa masuuli, msimamizi wa fedha hizo, hupimwa kwa swali moja kubwa: amevuka kasma au hakuvuka? Kwa fedha za umma swali hilo lina mantiki yake, kwa sababu kasma ni kikomo cha kisheria. Lakini bajeti ya kiwanda haikuwekwa iwe kikomo. Ni makisio ya gharama kwa kiasi fulani cha kazi, na kazi ikibadilika, makisio nayo hayana budi kubadilika. Bajeti inayofanya hivyo ndiyo tunayoiita bajeti nyumbufu.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Unaanza kwa kutenga gharama makundi mawili. Kundi la kwanza hupanda na kushuka pamoja na idadi ya mikate. Kwa kiwanda chetu, kila mkate hula unga wa shilingi 420, viungo vingine kama hamira, sukari, mafuta na chumvi 130, mfuko wa kufungia 50, nishati 60, na kamisheni ya msambazaji 100. Jumla ni 760. Kundi la pili ni pango, mishahara ya mwezi, mlinzi, leseni, uchakavu wa mashine na taa, jumla 6,000,000, na hizo huwapo zilezile hata mikate ikiwa michache. Kwa hiyo:

Gharama inayoruhusiwa = 6,000,000 + (760 × idadi ya mikate)

Ukiweka 20,000 unapata 21,200,000, ile bajeti ya awali. Ukiweka 16,000 unapata 18,160,000. Hiyo ndiyo bajeti ambayo kiwanda kingepaswa kupimwa nayo Juni. Kilitumia 19,070,000, kwa maana hiyo hakikuokoa chochote bali kilizidisha 910,000.

Jedwali hili linaonyesha zile gharama zinazobadilika, kwa maelfu ya shilingi:

| Gharama | Bajeti ya mikate 20,000 | Bajeti ya mikate 16,000 | Zilizotumika | Zilizozidi |
|---|---|---|---|---|
| Unga | 8,400 | 6,720 | 7,440 | 720 |
| Viungo vingine | 2,600 | 2,080 | 2,160 | 80 |
| Mifuko | 1,000 | 800 | 830 | 30 |
| Nishati | 1,200 | 960 | 1,040 | 80 |
| Kamisheni | 2,000 | 1,600 | 1,600 | 0 |

Tazama mstari wa unga. Ukilinganisha na safu ya kwanza unaona akiba ya 960,000. Ukilinganisha na ya pili unaona 720,000 zimezidi. Unga ni uleule na stakabadhi ni zilezile, lakini hukumu mbili zinapingana.

Sasa pengo la faida linaweza kugawanywa kwa haki. Kila mkate huuzwa 1,200, na ukitoa 760 unabakiwa na 440 za kuchangia pango na mishahara, kisha faida. Mikate 4,000 ambayo haikuuzwa imeondoka na 1,760,000. Ukijumlisha na zile 910,000 zilizozidi kwenye matumizi unapata 2,670,000, ambayo ndiyo tofauti kamili kati ya faida iliyopangwa na iliyopatikana. Sehemu ya kwanza ni ya kuulizana na watu wa mauzo, ingawa kwa shule kufungwa sijui wangefanya nini zaidi ya kuiona mapema kwenye kalenda. Sehemu ya pili ni ya stoo, manunuzi na jikoni.

Upande wa pili wa kosa hili huumiza zaidi, kwa sababu humwadhibu aliyefanya vizuri. Tuseme Septemba oda zimejaa na mikate 24,000 imeuzwa, kwa gharama ya 24,000,000. Mbele ya bajeti isiyobadilika msimamizi ataonekana kavuka kwa 2,800,000 na ataandikiwa barua ya kujieleza. Weka 24,000 kwenye kanuni yetu: gharama inayoruhusiwa ni 24,240,000. Ameokoa 240,000. Msimamizi aliyeandikiwa barua ya namna hiyo mara mbili atajifunza kukataa oda wiki ya mwisho ya mwezi, na hilo huwezi kuliona kwenye taarifa yoyote.

Kuna mahali kanuni yenyewe huteleza, na nishati ni mfano mzuri. Kiwanda hiki kilizipataje zile shilingi 60? Arobaini ni za gesi. Ishirini za umeme zilipatikana kwa kulinganisha mwezi wa mikate michache kuliko yote na mwezi wa mikate mingi. Mikate 14,000 ilikula umeme wa 540,000, mikate 22,000 ikala 700,000. Mikate 8,000 ya ziada iliongeza 160,000, yaani 20 kwa mkate. Kisha 540,000 ukitoa 280,000 za mikate 14,000, zinabaki 260,000: taa, friji na feni, ambazo hazijali umeoka mingapi na zimeingizwa kwenye zile 6,000,000. Njia hii ni ya haraka, lakini inategemea miezi miwili tu. Mmoja wapo ukiwa na hitilafu, mashine iliharibika au umeme wa LUKU ulinunuliwa wa akiba, hesabu nzima inapinda. Ni bora kuchora miezi kumi na miwili kwenye karatasi na kuangalia kama nukta zinakaa kwenye mstari kabla ya kuiamini.

Na kwenye gesi, tanuri lililojaa nusu hupashwa moto uleule kama lililojaa tele. Kwa hiyo zile 80,000 zilizozidi kwenye nishati sikuzihesabu haraka kuwa uzembe wa mwokaji. Huenda kanuni yetu ndiyo iliyodhani kwamba gesi hupungua sambamba na mikate, kumbe haipungui hivyo. Vilevile ile 6,000,000 haitadumu milele. Tanuri lililopo linamudu mikate 26,000 kwa mwezi. Oda zikivuka hapo utahitaji zamu ya usiku au tanuri la pili, na gharama za kudumu zitaruka kama ngazi.

Turudi kwenye unga, maana hapo ndipo fedha zilipo. Bajeti nyumbufu inakuambia 720,000 zimezidi. Haikuambii kwa nini, na ukiishia hapo umebadilisha tu mtu wa kulaumu. Fungua leja ya stoo: mifuko ya unga iliyokuwapo mwanzo wa mwezi, jumlisha iliyonunuliwa, toa iliyobaki. Juni ilitumika mifuko 100 ya kilo 50. Kila mkate hupangiwa gramu 300, hivyo mikate 16,000 ilihitaji kilo 4,800, sawa na mifuko 96. Bei iliyopangwa ilikuwa 70,000 kwa mfuko, iliyolipwa ni 74,400.

Kwa hiyo mifuko 100 imelipiwa 4,400 zaidi kila mmoja: 440,000. Hizo ni za bei, na mwenye kuulizwa ni mnunuzi. Pengine soko limepanda. Pengine, kwa kuwa oda zilipungua, alinunua kidogo kidogo duka la jirani badala ya kwa jumla. Zinazobaki ni mifuko minne ya ziada, 280,000 kwa bei ya bajeti.

Mifuko minne ya unga ni kilo 200. Hapa wengi huanza kumtazama mlinzi wa stoo kwa jicho baya. Kabla ya kufika huko, angalia mstari ambao hakuna aliyeujali, ule wa mifuko ya kufungia mikate. Ilizidi kwa 30,000 tu. Mfuko mmoja ni shilingi 50, na bei yake haikubadilika, kwa hiyo mifuko 600 imetumika bila kuonekana kwenye mauzo. Mfuko haufungi hewa. Kulikuwa na mikate 600 iliyookwa na kufungwa, lakini haikuuzwa.

Mikate 600 kwa gramu 300 ni kilo 180 za unga. Inabaki kilo 20 kati ya 200, kiasi cha vumbi la mezani na donge linalong'ang'ania kwenye mashine ya kukandia. Viungo vingine navyo vinakubaliana: 600 mara 130 ni 78,000, na vilizidi kwa 80,000. Kamisheni haikuzidi hata senti, kwa kuwa msambazaji hulipwa kwa mkate uliouzwa na si uliookwa.

Hiyo ndiyo mikate ya kurudi. Madereva walipeleka madukani idadi ya kawaida kwa siku kadhaa baada ya mabweni kufungwa, ikarudi imekauka, ikauzwa kwa wafugaji wa kuku kwa bei ambayo hakuna aliyeiandika. Mwokaji alioka alichoagizwa. Oda ya kila jioni huandikwa ofisini, na karatasi ya Juni bado ilikuwa imebandikwa ukutani na idadi ya mwezi Mei.