Kabla ya kunakili 0.98, pima mzunguko wa programu yako

Wiki hii nimeletewa tena roboti ya magurudumu mawili ya kujisimamisha yenyewe, inayotetemeka kama mwenye homa. Nikafungua programu, nikaikuta ileile 0.98. Mwenyewe akasisitiza, "Lakini kaka, hiyo ndiyo namba ya kichujio!" yaani mstari unaochanganya vipimo vya akselerometa na jairo kupata pembe ya roboti. Hapana. Namba hiyo peke yake haina maana.

Akselerometa inajua chini ni wapi, lakini mota ikisukuma ghafla, inadhani roboti imeinama. Jairo, inayopima kasi ya kugeuka, haisumbuliwi na msukumo huo, ila kosa lake dogo hujilimbikiza. Kichujio kinaamini jairo kwa muda mfupi na akselerometa kwa muda mrefu:

```
pembe = 0.98*(pembe + jairo*dt) + 0.02*pembeAks;
```

Muda mfupi ni kiasi gani? Ni 0.98 × dt ÷ 0.02, yaani dt mara 49, na dt ni sekunde za mzunguko mmoja wa programu. Programu ikizunguka mara 100 kwa sekunde, unapata sekunde 0.49. Huyu ndugu alikuwa ameiharakisha hadi mara 500 na namba hakuigusa, kwa hiyo muda ulishuka hadi sekunde 0.098. Kila mota iliposhtuka, akselerometa ikaipotosha pembe, mota zikajibu pembe ya uongo, na mtetemo ukajilisha wenyewe. Kuurudisha muda uleule kulihitaji 0.996, na 0.02 iwe 0.004.

Usikisie. Shika roboti wima, itelezeshe mezani mbele na nyuma bila kuiinamisha, ukiangalia mchoro wa pembe. Mchoro ukipanda na kushuka pamoja na mkono wako, akselerometa inapewa nafasi kubwa mno.

Kwa nini basi tusiweke 0.9999? Kwa sababu kosa la jairo huzidishwa na muda huohuo. Jairo inayosoma nyuzi 2 kwa sekunde ikiwa imetulia itakupa, kwa sekunde 0.49, pembe iliyokosea kwa karibu nyuzi 1. Kila unapowasha, iache roboti itulie, chukua wastani wa masomo 1000 ya jairo, kisha uutoe kwenye kila somo linalofuata. Hiyo nusu sekunde yenyewe sikuipata kwa hesabu. Nimeifikia kwa kujaribu, na roboti ndefu wakati mwingine huniomba zaidi.

Sasa ndipo uguse PID, hesabu inayoamua mota zisukume kiasi gani: Kp hujibu kosa la pembe, Ki kosa lililojilimbikiza, Kd kasi ya kosa kubadilika. Ki na Kd ziwe sifuri, pandisha Kp mpaka roboti iyumbe mfululizo kwa mwendo ule ule. Ongeza Kd mpaka iache kuyumba. Mota zikianza kunguruma, rudi nyuma kidogo. Ki iwe ya mwisho, na kidogo sana.

Ya huyu ndugu ilisimama, ila ikawa inatambaa mbele polepole. Alitaka kuongeza Ki. Nikamzuia, tukaishika kwa vidole kutafuta pembe ambayo haiangukii upande wowote: nyuzi 1.3, maana betri ilikaa upande mmoja. Tukaiweka hiyo kuwa pembe ya kulenga badala ya sifuri.