Shombo limetoka wapi?

“Mwalimu, benzonaitraili ileile ukiichemsha na kostiki inaleta asidi, ukiitia LiAlH4 inaleta kitu kinachonuka shombo kama soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Kwa nini?”

Mfuate naitrojeni. Kwenye benzonaitraili, C6H5CN, kaboni imeshikana na naitrojeni kwa vifungo vitatu, na naitrojeni ndiyo inayovuta elektroni zaidi. Kaboni hubaki na njaa, hivyo yeyote mwenye elektroni za ziada huirukia. Tofauti ni nani amefika.

Akifika haidroksidi wa kostiki, anakuja na oksijeni. Chukua gramu 5.15 za benzonaitraili na mililita 75 za kostiki ya asilimia 10, chemsha chini ya kondensa ili mvuke urudi chupani. Baada ya muda matone ya mafuta yanapotea, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani kazi imekwisha. Kilichopotea ni naitraili tu. Huenda umefika nusu ya njia, kwenye benzamaidi, ambayo huyeyuka vizuri kwenye maji ya moto.

Amaidi ni mkaidi. Naitrojeni yake inaikopesha kaboni elektroni, njaa inapungua, na yenyewe haibanduki kirahisi. Kwa hiyo endelea kuchemsha. Weka karatasi nyekundu ya litimasi iliyolowa mdomoni mwa kondensa: ikiendelea kugeuka buluu, amonia bado inatoka, yaani naitrojeni bado inaaga. Kisha poza matone machache. Yakitoa fuwele kabla hujatia asidi, hiyo ni amaidi, rudisha motoni. Yakibaki maangavu, poza chote, tia HCl hadi litimasi ya buluu iwe nyekundu, na asidi ya benzoiki itashuka, nyeupe kama unga wa muhogo. Hesabu inakupa gramu 6.1 kwa juu kabisa. Utakayopata itapungua kidogo. Inayeyuka kwa nyuzi 122, na ukiitia kwenye maji yenye baikaboneti inatoa povu. Benzamaidi haitoi.

Sasa LiAlH4. Huyu haleti oksijeni, analeta haidrojeni pamoja na elektroni zake. Kaboni inapata mbili kutoka kwake, naitrojeni inapata mbili zake maji yanapotiwa mwishoni, na hakuna anayefukuzwa: unapata C6H5CH2NH2, benzailamini. Naitrojeni iliyobaki ndiyo shombo lako. Ila etha iwe kavu kabisa, maana LiAlH4 ikigusa maji hutoa haidrojeni kwa fujo na inaweza kuwaka. Hata mwishoni, maji hutiwa tone kwa tone, chupa ikiwa ndani ya barafu.

Ukitaka kuhakikisha ni amini, fanya alichokufundisha mama ulipopewa sato umuoshe: ndimu. Asidi huipa naitrojeni haidrojeni moja zaidi, amini inakuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani kufika puani. Maabara tunatumia HCl badala ya ndimu. Harufu inakatika. Tia kostiki, inarudi palepale.