Saa 12:00 si saa sita usiku: kupanga maombi ya ufadhili kuanzia siku ya mwisho

Mwaka jana kijana mmoja alinipigia simu saa kumi jioni. Fomu yake ya ufadhili wa shahada ya uzamili ilikuwa imejaa, insha zimekamilika, lakini mfumo ulikataa kupokea. Tangazo lilisema mwisho ni 12:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, naye akajua ana muda hadi usiku wa manane. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo 12:00 yao ni saa tisa alasiri hapa Moshi. Alichelewa kwa saa moja.

Ukiona 23:59 UTC, ujue kwetu ni saa nane na dakika 59 usiku, tena tarehe imeshageuka. Kwa Uingereza kuna mtego mwingine, maana Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudisha saa zao nyuma. Saa 16:00 ya kwao kabla ya siku hiyo ni saa kumi na mbili jioni yetu, baada yake ni saa moja usiku. Andika saa ya mwisho kwa saa zetu ukutani, halafu uanze kuhesabu kurudi nyuma.

Tuchukue mfano wa dada aliyesoma kilimo, anayefanya kazi kwenye chama cha msingi cha ushirika wa kahawa. Tuseme maombi yake yanafungwa tarehe 7 Oktoba. Wengi huanza na insha, kwa sababu ndiyo inayotisha. Mimi namwambia aanze na vitu vilivyo mikononi mwa watu wengine, maana insha anaweza kuiandika hata usiku, lakini ofisi ya usajili ya chuo haifunguliwi usiku.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Agosti anatandaza vyeti vyote mezani na kusoma majina tu, herufi kwa herufi. Cha kuzaliwa kinasema Masawe, cha kidato cha nne Massawe. Anakwenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na anawaandikia wafadhili kuwauliza kama wataipokea, kwa kuwa wengine hutaka cheti chenyewe kirekebishwe. Wiki hiyo hiyo anaomba transkripti chuoni. Zikishapatikana, azipeleke steshenari zikaskaniwe vizuri. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole inasomeka kwa shida, na mara nyingi faili lake huwa zito kuliko kipimo cha mfumo.

Barua za mapendekezo ndizo zinazoangusha wengi. Mwalimu wake wa kilimo kabla ya Nane Nane yuko kwenye maonyesho Njiro, baada ya hapo chuo kiko likizo. Basi amwombe mapema, kwa heshima, na ampe karatasi moja: somo alilomfundisha na mwaka, alama aliyopata, kichwa cha utafiti wake, kile wafadhili wanachotafuta, na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo iwe ya kwake, tuseme 20 Septemba, si 7 Oktoba. Bila karatasi hiyo utapata barua ya "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu", ambayo haisaidii kitu.

Hapa asome maelekezo kwa makini. Mifumo mingine humtumia mwalimu kiungo mara tu unapoingiza anwani yake ya barua pepe, mingine haitumi mpaka uwasilishe fomu nzima. Ukiwasilisha siku ya mwisho kwenye mfumo wa aina ya pili, na barua nazo zinatakiwa siku hiyo hiyo, umemwachia mwalimu dakika. Na kiungo chenyewe hupenda kuangukia folda ya Spam. Mpigie simu, mwambie, "Mwalimu, naomba uangalie na huko."

Sasa insha. Rasimu yake ya kwanza ilianza, "Tangu utotoni napenda kilimo." Nilimuuliza siku gani kazini alifanya jambo ambalo bila yeye lisingefanyika. Akasimulia alivyogundua kwamba wakulima wa kata moja walikuwa wanapuliza dawa ya ugonjwa wa chulebuni baada ya matunda ya kahawa kuanza kuoza, akapanga na viongozi wao kalenda ya kupuliza, kaya 40 zikaifuata. Nikamwambia aanzie hapo. Rasimu ya pili akae nayo wiki nzima bila kuigusa, ya tatu aisome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua kahawa, na kila mahali msikilizaji anapouliza "kwa hiyo?", ajue kuna sentensi imepungua.

Kwa kuwa mfumo wake ni ule wa kutuma viungo mwishoni, anawasilisha fomu tarehe 15 Septemba. Anapakua uthibitisho wenye namba ya maombi, anauhifadhi, kisha jioni hiyo anampigia mwalimu kumuuliza kama kiungo kimefika.