Soko kubwa, ubao wa ajira au mtandao wa wateule: anayeanza kazi huria abishe hodi wapi?

"Naanza kuandika makala kwa malipo mtandaoni na sina mteja hata mmoja. Nijisajili kwenye soko la kazi zote, nifuatilie mbao za ajira za fani yangu, au niombe kuingia kwenye mitandao inayochuja wataalamu?"

Tazama kwanza ni nani anayelipia mlango. Kwenye soko kubwa, mlipaji ni wewe. Fiverr hukata asilimia 20 ya mapato yako. Upwork nayo ina makato yake, na kutuma maombi kunakula Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, ambazo moja huuzwa dola 0.15.

Tupige hesabu. Umeomba kazi 10, kila moja ikidai Connects 12. Hizo ni 120, sawa na dola 18. Ukapata kazi moja tu, ya dola 60. Makato yakiwa asilimia 10, zinaondoka 6 nyingine, na mkononi unabaki na 36. Inauma, ila zile dola 24 hazikupotea bure. Kwa mkataba wa bei moja, mteja huweka fedha amana kabla hujaanza kuandika, kisha kazi ikiisha unapata tathmini ambayo mteja ajaye ataiona. Ubaya wake ni kwamba ukihama soko, tathmini huhami nayo.

Kwenye ubao wa fani, kama ule wa ProBlogger kwa waandishi, mwajiri ndiye anayelipia tangazo, kwa hiyo wenye mzaha hupungua. Hakuna wa kukukata, wala hakuna nyota za kukufunika: anayesoma ombi lako anataka sampuli. Sampuli tatu nzuri za mada moja, tuseme bima au kilimo, zinaweza kumshinda mkongwe anayeandika kila kitu. Lakini amana haipo. Omba nusu ya malipo mapema, na anayetaka makala nzima ya majaribio bila kulipa, achana naye.

Mitandao ya wateule sina mengi ya kusema. Toptal hujitangaza kuwa inapokea chini ya watu 3 katika kila 100 wanaoomba, tena imejikita kwa watengeneza programu, wabunifu na wataalamu wa fedha. Mwandishi anayeanza atakuwa amekosea nyumba.

Mimi ningeanzia kwenye mbao, huku nikitenga zile dola 18 kwa ajili ya soko ili nipate tathmini ya kwanza. Zikiisha kabla hujajibiwa hata mara moja, usikimbilie kushusha bei. Kwenye orodha ya maombi mteja huona mistari michache ya mwanzo tu, na wengi huimaliza kwa salamu na kujitambulisha. Anza na jambo lililomo kwenye tangazo lake. Wakikujibu halafu wakatoweka baada ya kuona sampuli, hapo tatizo ni sampuli.