Picha ya hati iliyoinama na safu za jedwali

“Mradi herufi zinasomeka, picha ikiinama kidogo ina ubaya gani?”

Programu nyingi za kusoma maandishi kwenye picha hugawa safu za jedwali kwa mistari ya wima, kisha huiweka kila tarakimu katika safu kulingana na mahali ilipo. Tuchukue ankara yenye safu za Idadi, Bei na Jumla, ambayo jedwali lake lina urefu wa pikseli 2,000: ikiinama nyuzi 3 tu kufuata mwelekeo wa saa, mstari wa chini kabisa husogea kushoto takriban pikseli 105 kuliko wa juu kabisa, na bei za chini zaweza kuangukia kwenye Idadi. Kosa hili hujificha, kwani kila tarakimu imesomwa sawasawa. Ili kulibaini, zidisha idadi kwa bei katika kila mstari. Mistari ya juu ikilingana na jumla lakini ya chini isilingane, nyoosha picha kwanza, ndipo uisomeshe upya.