Daladala ya kompyuta katikati ya magari halisi: ukungu wa mwendo upimwe, usikisiwe

Ukipachika daladala iliyotengenezwa kwa kompyuta kwenye video ya Barabara ya Pangani, Tanga, mara nyingi jicho huikataa hata kama rangi na mwanga viko sawa. Magari ya jirani yamefifia kingo kwa mwendo, yenyewe imekaa kali kama picha ya duka. Wengi hapo huongeza ukungu kwa kukisia. Kipimo, hata hivyo, kimo ndani ya video yenyewe.

Tuchukue video ya fremu 25 kwa sekunde, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi. Tafuta bajaji inayokatiza mbele ya kamera. Kwanza hesabu imesogea pikseli ngapi kutoka fremu moja hadi inayofuata, tuseme 80. Kisha kuza ukingo wake wa wima, mahali rangi nyeupe inapokutana na nyuma yenye giza, uhesabu pikseli kutoka weupe kamili hadi giza kamili. Ukipata 40, shata, yaani kilango kinachoingiza mwanga kwenye kamera, ilikuwa wazi kwa nusu ya muda wa fremu, yaani 1/50 ya sekunde. Bajaji ya kilomita 36 kwa saa husogea sentimita 20 katika muda huo.

Nusu hiyo ni ya kamera, kwa hiyo inahusu kila kitu barabarani. Kwenye Blender, programu ya kutengenezea picha za 3D, washa `Motion Blur` na uandike 0.5 kwenye `Shutter`. Urefu wa ukungu programu itaukokotoa yenyewe: daladala ya mwendo uleule ikiwa mbali mara mbili ya bajaji itapata pikseli 20 tu, na iliyosimama kituoni haitapata kitu. Jihadhari na video ya simu ya mchana wa jua kali. Shata ya simu huweza kuwa 1/1000, na hapo ukungu wa bajaji yetu ni pikseli 2; ukiweka 40 umeharibu.

Tairi ndilo linaloumbua kazi nyingi. Sehemu inayogusa lami karibu haisogei, ilhali juu ya tairi huenda mara mbili ya mwendo wa gari. Ndiyo maana kuivuta picha nzima upande mmoja kwa kichujio hufifisha hata chini ya tairi, na gari huonekana linateleza. Zungusha matairi kweli kwenye animesheni, kisha pandisha `Steps` za `Motion Blur` za matairi hadi 3 kwenye Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, ili ukungu wa mzunguko uwe sahihi zaidi.

Kivuli nacho kitoke kwenye hesabu hiyohiyo. Ukikichora kwa mkono kwenye leya yake, kingo zake za mbele na nyuma zififie sawa na za gari, zile za ubavuni zinazofuata mwelekeo wa mwendo zibaki kama zilivyo. Ukungu uvuke mpaka wa gari na kuingia kwenye lami: ukikuta umekatika ghafla ukingoni, barakoa inayokata umbo la gari iliwekwa baada ya ukungu badala ya kabla.